Re: Jumla imegeuka, nani kakosea hesabu?

"Kituo cha mjini Chake kimeshinda kwa kuponesha nimonia nyepesi, kimeshinda na kwa kali. Vipi kwenye jumla kishindwe na cha kijijini?"

Sheikh, hajakosea mtu. Hicho ndicho kitendawili cha Simpson, ingawa mwanatakwimu Udny Yule alikionesha tangu 1903. Chukua tarakimu hizi za kubuni, kila kituo wagonjwa 100.

Chake: nyepesi 20, wamepona 19 (95%); kali 80, wamepona 56 (70%). Jumla 75.
Kijijini: nyepesi 80, wamepona 72 (90%), kali 20, wamepona 12 (60%). Jumla 84.

Tazama nani kaenda wapi. Mtoto akianza kuvuta pumzi kwa shida, kifua kinabonyea, kijijini wanampakia gari kwenda Chake. Basi Chake inabeba wagonjwa wazito wanne kwa kila mwepesi mmoja, na asilimia ya jumla inavutwa chini na uzito huo, si na matibabu.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, vipe vituo vyote mchanganyiko mmoja, tuseme nyepesi 100 na kali 100. Kwa viwango vile vile Chake ingeponesha 165, kijijini 150.

Lakini usigawe ovyo. Ukali uwe umeandikwa mgonjwa anapofika, kabla ya dawa. Ukiandikwa siku ya tatu, tayari una athari ya matibabu ndani yake, na kuwagawa kwa kigezo hicho kunaweza kuficha kosa la kituo chenyewe.