Karatasi ya mavolontia wa mafuriko: huduma ya kwanza ya kisaikolojia inaishia wapi?

"Wakuu, nimepewa kazi ya kuandaa karatasi moja ya mavolontia wetu kabla masika hayajaanza, kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa waliokumbwa na mafuriko. Wengi wao hawajasomea chochote. Niwaandikie nini na mwisho wao uwe wapi?"

Mkuu mimi nilikuwa Katesh Desemba 2023, yale maporomoko ya tope ya mlima Hanang yaliyoshuka alfajiri ya Jumapili tarehe 3. Nilikuwa volontia wa kugawa magodoro na unga tu, ila nikajiona naweza na kuongea na watu, nikaharibu. Nakupa hilo kosa kwanza maana ndo litakusaidia kuchora huo mpaka.

Kwenye darasa moja la kambi kulikuwa na mama kaegemea ukuta, chakula kimepoa mbele yake. Nikakaa nikamwambia mama hebu nisimulie ilikuwaje, tope lilipoingia ulikuwa wapi, nikidhani akitoa ya moyoni atapata nafuu. Akaanza, akafika katikati akaanza kutetemeka na kuhema juu juu, mimi sijui la kufanya, na hapo hapo naitwa kushusha mzigo kwenye lori, nikamwacha hivyo hivyo. Yaani nimefungua kidonda nimeondoka.

Nesi mmoja mtu mzima ndo aliyemshika. Akakaa naye chini kwenye mkeka, usawa mmoja, akajitambulisha, na habari ya tope hakuigusa kabisa. Akamwambia mama kanyaga sakafu, isikie miguuni, nitajie vitu unavyoviona humu ndani, sasa pumua taratibu na mimi. Alipotulia akamuuliza, "Kwa sasa hivi kinachokusumbua zaidi ni nini mama?" Kumbe simu yake imeenda na tope na hajui mwanae kapelekwa hospitali gani. Nesi akamwazima simu akampigia dada yake, kisha akampeleka mwenyewe mpaka meza ya ustawi wa jamii waandike jina la mtoto. Dakika ishirini hivi, basi. Jioni yule mama alikula.

Sasa mwongozo wa WHO wa 2011 wa huduma hii ya kwanza una maneno matatu tu, Angalia, Sikiliza, Unganisha, na nesi aliyafanya yote bila kuyataja. Yaandike hayo kwa herufi kubwa, halafu chini yake kisa kama hiki, maana maneno matupu volontia anayasahau akifika kambini.

Tiba ni kitu kingine. Tiba anafanya mtu aliyesomea, sehemu yenye faragha, wanakutana tena na tena, na huko ndiko mtu anarudishwa kwenye tukio lenyewe pole pole. Volontia yupo siku tatu anaondoka, kwa hiyo haulizi "ilikuwaje". Mtu akisimulia mwenyewe msikilize, asipotaka kaa naye kimya, mpe maji. Na usiwakusanye watu kumi kila mmoja aeleze alichoona, huo mtindo ulipimwa ikaonekana kikao kimoja cha hivyo hakizuii matatizo ya baadaye, na wengine kinawaumiza zaidi.

Waandikie pia wasimpe mtu jina la ugonjwa. Wiki za mwanzo kukosa usingizi, kushtuka mvua ikipiga bati, kulia ovyo, ni kawaida na wengi hutulia wenyewe wakipata usalama na ndugu zao. Ikipita kama mwezi bado hali ni ile ile, hapo ndo aonwe na mtaalamu.

Ila kuna wa kukabidhi siku hiyo hiyo: anayesema anataka kufa, anayetishia kuumiza mtu, aliyechanganyikiwa hajui alipo, na mzazi aliyeshindwa kabisa kujihudumia au kuhudumia watoto. Huyo usimwache peke yake, tuma mwenzako aite muuguzi. Mtoto aliye peke yake ni wa afisa ustawi, usimhamishe na picha yake usirushe kwenye magrupu (namba ya watoto ni 116, bure).

Maneno ya kukataza mimi ningeweka manne: "najua unavyojisikia", "shukuru Mungu wewe umepona", "usilie", na "tutampata tu". Hilo la mwisho baya kuliko yote, nimeona mtu akimngoja volontia aliyemwahidi na mwenyewe keshapanda basi kurudi Arusha. Sema, "Sijui mama, ila naenda kuuliza na saa kumi narudi." Halafu urudi kweli, hata kama huna jibu.

Nyuma ya karatasi acha nafasi ya kuandika kwa kalamu: meza ya waliopotea iko wapi, nesi wa zamu nani, maji na chakula saa ngapi, na tarehe juu. Usiprinti hizo, kwetu meza ilihamishwa na karatasi zikabaki zinaelekeza watu kwenye darasa tupu.