Kumjibu mwenzako aliyesema simu iliyoingia maji iwekwe kwenye mchele

"Kaka, kuna jamaa ana wafuasi wengi kasema simu ikiingia maji zima kwanza, usichaji, halafu ifukie kwenye mchele siku 2 itapona, na ya kwake ilipona kweli. Mi fundi simu, naona si sawa. Skripti ya kumjibu niiandikeje isionekane namshambulia?"

Mdogo wangu, fungua na klipu yake sekunde 15 au 20 hivi, mwache amalize sentensi, maana ukikata pale aliposema "zima kwanza" halafu watu wakaenda kuangalia ya kwake, wewe ndo utaonekana muongo. Kisha taja alipopatia, na kweli kapatia, kuzima na kutochaji ndo jambo kubwa kuliko yote, maji yakikutana na umeme kutu inakimbia. Sema tu: "Kwenye kuzima nakubaliana naye kabisa, tunapishana kwenye mchele."

Hapo onyesha kwenye skrini ukurasa wa msaada wa Apple unaosema usiiweke iPhone kwenye mfuko wa mchele maana chembe zake zinaweza kuiharibu. Ila sema wazi kwamba ukurasa ule unaongelea maji kwenye tundu la chaja, si simu iliyozama ndooni, usipolisema hilo mwenyewe, atakuja mtu kwenye komenti aliseme.

Ndo maana nataka ufanye na jaribio. Chukua vipande 2 vya sponji vinavyolingana, kila kimoja kitie maji mili 10 kwa bomba la sindano, pima kwenye mizani ya jikoni, kimoja kifukie kwenye mchele, kingine kiache kwenye sahani, chumba kile kile, baada ya saa 24 pangusa punje upime tena kamera ikiangalia mizani. Namba zikitoka weka zilivyo hata kama mchele umeshinda. Na sponji si simu, maji ya simu yamejificha chini ya vile vibati vya bodi, kwahiyo jaribio linaonyesha mchele unavuta maji kiasi gani, basi.

Sasa watu watauliza mbona yake ilipona, na hapa usipaharakishe. Ilikaa siku 2 imezimwa, kwahiyo hatuwezi kujua kama ni mchele au ni ule muda tu, na ambao zao zilikufa hawakurekodi vidio. Hapa ndo ufundi wako unaingia, fungua mbele ya kamera simu moja iliyokauka bila kusafishwa, waone ule unga mweupe au kijani kwenye bodi, uwaambie maji yameondoka chumvi imebaki, na ndo hiyo inayokuja kuua simu baada ya wiki kadhaa wakati mtu alishasema imepona.

Kabla hujapandisha mtumie jamaa vidio nzima, mpe siku 2 ajibu, akikuonyesha kitu umekosea kirekodi upya, na jibu lake lipini komenti ya kwanza. Kwenye kava weka simu na mchele, sura yake iache.