Kabla hujalipia rimapu, soma injini kwanza

Kijana mmoja aliniletea Subaru Forester XT ya Japani, injini ya EJ20 yenye tabo. Alitaka rimapu ya "steji 1", ile hatua ya kwanza ya kuongeza nguvu, kama ya rafiki yake, na pesa alikuwa nazo mkononi. Nilimwambia azirudishe mfukoni, nikachomeka waya wa laptopu chini ya usukani, tukatafuta mlima wa kuipa injini mzigo.

Ninyi mnaoanza, kwanza mjue tunagusa nini. Ndani ya kompyuta ya injini mna majedwali ya namba. Upande mmoja kuna kasi ya injini, upande wa pili kuna kiasi cha hewa inayoingia, na pale vinapokutana kuna namba inayotoa amri. Jedwali moja linaamuru tabo isukume hewa kwa presha gani, jingine linaamuru hewa hiyo imwagiwe petroli kiasi gani. La tatu, ambalo wauzaji hawalitaji sana, linaamuru plagi ipige cheche mapema kiasi gani. Kurimapu ni kuandika upya namba hizo. Hakuna chuma kinachobadilishwa, na hapo ndipo watu wanapopotea, maana chuma ni kilekile lakini mzigo umeongezeka.

Chukua petroli. Ukiendesha polepole, kompyuta inalenga hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito. Ukikanyaga mpaka chini na tabo ikajaa, inashuka mpaka karibu 11 kwa 1. Petroli hiyo ya ziada kazi yake kubwa ni kupoza chumba cha mlipuko. Sasa ukiongeza hewa kwa asilimia 20, petroli nayo lazima ipande vilevile. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, duru nzima ya silinda moja, yaani mizunguko miwili, huchukua milisekunde 20. Kama nozeli inayomwaga petroli ilikuwa wazi milisekunde 15, sasa itahitaji 18, yaani asilimia 90 ya muda wote uliopo. Pampu ikichoka kidogo tu au chujio likiziba, petroli haitatosha wakati hewa inaendelea kumiminika.

Presha nayo ina hesabu yake, hasa kwetu tunaoishi juu. Mombasa hewa ya kawaida ina presha ya karibu baa 1, kwa hiyo kuipa injini baa 2 kamili, tabo inaizidisha mara 2. Nairobi tunaanza na karibu 0.82. Kufikia zile zile 2, tabo lazima izidishe mara 2.4, izunguke kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Kompyuta ina jedwali la kupunguza presha gari likifika nyanda za juu, na wapo wanaolizima ili mteja asikie mgongo ukigonga kiti. Muulize fundi wako amelifanyia nini.

Turudi mlimani. Kwenye skrini nilitazama namba mbili. Ya kwanza ni `IAM`, ambayo ni imani ya kompyuta kwa petroli iliyomo: ikiwa 1, injini inatumia cheche kama kiwanda kilivyopanga. Yake ilikuwa 0.75. Ya pili ni `Feedback Knock Correction`, na kila tulipokanyaga ilionyesha -2.8. Maana yake kompyuta ilisikia kishindo cha mlipuko usio wa wakati wake, ikarudisha cheche nyuma digrii 2.8 za mzunguko wa injini. Sikio letu halikusikia kitu. Ukifika hatua ya kusikia mlio kama changarawe ndani ya kopo, mara nyingi umechelewa, na kwenye injini hizi kinachovunjika ni ukingo wa pistoni unaoshika ringi. Baadaye utaona oili ikipungua na kompresheni ya silinda moja ikishuka.

Gari lilitengenezwa kwa petroli ya okteni ya juu ya Japani, isiyolipuka ovyo kabla ya wakati, na yeye alikuwa akijaza ya kawaida. Plagi nazo zilikuwa zimeliwa. Yaani injini ilikuwa imeshindwa kubeba hata namba za kiwandani, halafu tuiongezee presha?

Kwa hiyo kabla ya kulipa, dai rekodi ya namba hizo za gari lako kabla na baada ya kazi, na nakala ya faili la awali. Fundi anayekuja na faili tayari kwenye flashi bila kupima kitu, mshukuru, uende zako. Pia uliza bima na giaboksi. Otomatiki ya zamani haipendi msukumo mkubwa wa ghafla.

Kijana tulimbadilishia plagi, akaanza kujaza petroli ya okteni ya juu zaidi iliyopo kwenye pampu. Baada ya matangi mawili `IAM` ilirudi 1, ila kwenye mzigo mkubwa `Feedback Knock Correction` bado ilikuwa inagusa -1.4. Nikarudisha cheche nyuma digrii 2 eneo hilo tu. Presha sikuigusa. Alilalamika kwamba rafiki yake bado anamwacha barabarani.