Gemu nzito kwenye kompyuta nyembamba ya ofisini: angalia prosesa kabla ya kulaumu kadi

Zile kompyuta nyembamba za ofisini, OptiPlex na EliteDesk za mtumba zilizojaa madukani hapa Arusha, zinacheza gemu nzito, ila kwa masharti. Wengi huogopa kadi ya picha itaungua. Mimi nimeona prosesa ndiyo huchemka kwanza.

Chukua mashine niliyomfungia binamu yangu wa Moshi: OptiPlex 7050 SFF yenye i7-7700, RAM ya GB 16 na GTX 1650 ile fupi isiyochomekwa waya wa umeme. Kadi hiyo sikuichagua kwa mapenzi. Pawa saplai ni ya wati 180 tu, prosesa peke yake inakula kama 65, na tundu la kadi linatoa wati 75 basi. Kadi inayodai waya wa ziada isahau.

Tukafungua Cyberpunk 2077, kila kitu `Low`. Mwanzoni safi kabisa, baadaye picha ikaanza kukwamakwama.

"Kaka, kadi ndiyo imechoka hii," akasema.

Nikawasha HWiNFO64, programu ya kusoma joto na kasi ya mashine. Prosesa ilikuwa imegota nyuzi 100, mstari wa `Core Thermal Throttling` umeandika `Yes`, na kasi imeshuka chini ya GHz 3. Kwenye GPU-Z, `PerfCap Reason` ilisoma `Pwr`, si `Thrm`. Maana yake kadi imefika mwisho wa umeme wake, jambo la kawaida kwa kadi ya wati 75, wala haijazidiwa na joto.

Tukapuliza vumbi, tukapaka dawa mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitsinki, kisha nikazima turbo, ile kasi ya ziada ya prosesa, kwa amri hizi za Windows:

```
powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive scheme_current
```

Sasa prosesa inatulia kwenye GHz 3.6 badala ya kurukia 4 na ushee, na joto likashuka hadi nyuzi themanini na kitu. Fremu hazikupungua kwa kuonekana, kwa sababu kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Ile kasi ya ziada ilikuwa inazalisha joto tu. Ukitaka kurudisha, weka 100.

Kufungua ubavu wa boksi? Kunaisaidia kadi kidogo. Prosesa inategemea feni ya mbele na mfereji wa plastiki unaoelekeza hewa, kwa hiyo hainufaiki sana, na vumbi la kiangazi linaingia bila hodi.

Pima mchana, mahali itakapokaa. Mashine iliyofaulu Njiro mwezi wa saba inaweza kushindwa Moshi mwezi wa pili.

Gemu kama Alan Wake 2, ambayo ilipotoka mwaka 2023 watengenezaji wake walitaka angalau RTX 2060, hapa hata usijaribu. Hiyo tafuta tawa kubwa.