Kisukumio kinasukuma nyanya ya nyuma

"Wakuu nipo Tabora, nina mashine ya kuchambua nyanya kwenye mkanda, kamera inaiona nyekundu fresh ila kisukumio kinasukuma ya nyuma yake, shida nini?"

Kaka, kuna mdau hapo juu kakushauri uongeze taa, yuko sawa kwa upande wa rangi ila hapo rangi haina kosa, unasukuma kwa kuchelewa. Toka kamera hadi kisukumio kama ni sm 30 na mkanda unaenda sm 20 kwa sekunde, nyanya inafika baada ya sekunde 1.5, sasa toa muda wa mkono wa kisukumio kunyooka, tuseme 0.2, so amri itoke sekunde 1.3 baada ya kamera kuiona. Kwenye kodi ya Arduino usitumie `delay()`, programu inasimama na nyanya zinazofuata zinapita hazijaonwa, weka foleni ya muda wa kila nyanya ukitumia `millis()`. Huku Kigoma umeme ukishuka mota yangu inapungua spidi hesabu zote zinaharibika, afadhali encoder inayopima mkanda umesogea kiasi gani badala ya kuhesabu muda.