Picha ya mtoto wa miaka 5 na mtu mzima, zinalinganishika?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mdogo wetu wa kiume alipotea 1995 akiwa na miaka 5, sasa amejitokeza kaka mmoja anasema ndo yeye. Tuna picha moja tu ya studio, tumeiingiza kwenye app pamoja na ya huyu kaka ikasema 78%. Wana mwanya uleule. Mama ameshaamini. Hiyo 78 inatosha?

JIBU: Pole sana dada kwa miaka yote hiyo. Haitoshi, na najua mama hatapenda kusikia hivi.

Hiyo 78 sio kwamba kuna uwezekano wa asilimia 78 kuwa ndo yeye, ni alama ya kufanana tu na kila app ina kipimo chake. Ijaribuni wenyewe, chukueni picha hiyohiyo ya mtoto mlinganishe na wanaume 10 mnaowafahamu wa rika la huyu kaka, wakiwemo binamu zenu, muone wangapi wanapata 70 na kitu. Taasisi ya Marekani inayoitwa NIST ilizipima programu nyingi za aina hii na ripoti yake ya 2019 ilionyesha kwamba kosa la kuwaona watu wawili tofauti kuwa mmoja linatokea zaidi kwa sura za watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki, na kwa watoto pia, kwa hiyo nyie mko palepale penye udhaifu.

Sasa uso wenyewe. Mtoto wa miaka 5 ubongo wake umeshafika karibu asilimia 90 ya ukubwa wa mtu mzima, kwa hiyo fuvu la juu limeshakua lakini uso bado, ndo maana paji linaonekana kubwa, macho makubwa na yako chini, pua fupi. Baada ya hapo uso unashuka chini na kuja mbele, mgongo wa pua unainuka, na taya la chini ndo la mwisho kumaliza, kwa wavulana linaweza kuendelea mpaka miaka 18 na zaidi. Ukipima umbali wa pua na kidevu kwenye picha ya utotoni ukaupeleka kwa mtu mzima umepima kitu ambacho hakipo tena. Halafu mtu akishavuka 30 mafuta ya mashavu yanaanza kushuka, ngozi inalegea, na hapo hujaongeza ndevu wala unene.

Na huo mwanya, dada, naomba uuache kabisa. Miaka 5 karibu meno yote bado ni ya utoto, ya mbele yanang'oka kuanzia kama miaka 6, kwa hiyo mwanya wa kwenye picha ulikuwa wa meno ambayo huyu kaka hana mdomoni, na mwanya kwa meno ya utoto ni kawaida kwa watoto wengi.

Hata wataalamu wamedanganyika hapa. Mwaka 1920 kuna mwanamke aliokolewa kwenye mfereji Berlin, baadaye akajulikana kama Anna Anderson, akadai yeye ni Anastasia binti wa mfalme wa Urusi, binti ambaye aliuawa pamoja na familia yake 1918 akiwa na miaka 17. Kesi ilikaa mahakamani Ujerumani miaka na miaka, na mtaalamu aliyelinganisha picha, Otto Reche, akasema lazima awe ndiye au pacha wake. 1994 ikapimwa DNA ya kipande cha utumbo wake kilichobaki hospitali toka alipofanyiwa upasuaji, ikaonyesha hana undugu na familia ile. Na hapo walikuwa na picha nyingi za binti mkubwa, sio moja ya mtoto wa miaka 5.

Picha yenu inaweza kusaidia zaidi kukataa kuliko kukubali. Angalieni sikio, mfano kama ndewe imeshikana na shavu au inaning'inia, maana umbo lake halibadiliki sana ingawa sikio linarefuka kidogokidogo uzeeni. Ila skanini ile picha halisi ya karatasi, sio iliyopigwa kwa simu ikatumwa WhatsApp, maana doa la karatasi linaweza kuonekana kama baka la mwilini.

Kwa kuwa mama yupo, mpimeni DNA yeye na huyu kaka, hiyo inajibu moja kwa moja, na wewe dada unakuwa wa akiba tu. Kwa Tanzania inafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na maombi yanapitia kwa wakili, ustawi wa jamii au mahakama, hamuendi wenyewe mkononi. Wakati mnasubiri msimwonyeshe picha nyingine za nyumbani wala kumtajia kovu lolote, mwacheni aeleze anachokumbuka kwanza na muandike.