Ami si "père": kumwandikia mwalimu kwa Kifaransa mtoto asipokwenda skuli

Mdogo wangu wa kike anaishi Lyon, Ufaransa, na mwanawe, nimwite Salim, anasoma skuli ya msingi huko. Mimi niko Wete. Nimesomesha Kifaransa miaka mingi, kwa hiyo ujumbe wake wa skuli hupita kwangu kwanza: ananiandikia Kiswahili kwenye Watsap, namrudishia Kifaransa. Mara moja tu hakuningoja. Baba yake mdogo Salim alifariki Paris, wakaondoka usiku kwenda kuzika, na garini akamwandikia mwalimu kuwa "père" wa Salim amefariki.

Kwetu hakusema uongo. Ndugu wa baba ni baba, na Salim mwenyewe alikuwa akimwita baba. Lakini kwa Kifaransa "père" ni mzazi aliyekuzaa au aliyekulea kama mwanawe. Mwalimu aliwaambia watoto, darasa zima likamchorea Salim kadi za kumpa pole, na Alkhamisi asubuhi aliyemleta mtoto hadi mlangoni ni baba yake mzazi. Mwalimu aliona amedanganywa kwa jambo la mauti. Mdogo wangu alinipigia analia, na ilimchukua siku kadhaa kulielezea.

Neno alilolihitaji ni "oncle". Wafaransa wana hilo moja tu kwa ami na kwa mjomba, kwa baba mkubwa na baba mdogo. Vivyo hivyo mama mkubwa, mama mdogo na shangazi wote ni "tante". Ukitafsiri neno kwa neno, baba mkubwa atageuka "grand-père", naye huyo ni babu.

Jambo la pili ni sababu yenyewe. Wazazi wengi wa kwetu huona haya kutaja msiba kwa mgeni, wakaandika tu "mambo ya kifamilia". Usifanye hivyo. Sheria ya elimu ya Ufaransa inataja sababu zinazokubalika: mtoto kuumwa, mtu wa nyumbani kuwa na maradhi ya kuambukiza, shughuli nzito ya kifamilia, usafiri kukwama kwa dharura, na mtoto kufuatana na wazazi waliosafiri kwa muda. Maziko yanaingia kwenye shughuli nzito ya kifamilia, basi yataje kwa jina lake.

Na hesabu ni ya nusu siku. Asubuhi moja, jioni moja. Salim alikosa Jumatatu na Jumaanne, yaani nusu siku 4, na mtoto akifikisha nusu siku 4 ndani ya mwezi mmoja bila sababu inayokubalika, mkuu wa skuli anatakiwa kupeleka taarifa kwa wakubwa wa elimu wa eneo hilo. Siku mbili tu, na tayari umefika hapo kama hukueleza. Tena sheria inamtaka mzazi aeleze bila kuchelewa, si mtoto atakaporudi.

Huu ndio ujumbe niliomwandikia baadaye, ili abaki nao:

```
Bonjour Madame,
Salim est absent lundi et mardi.
Nous sommes à Paris pour les obsèques de son oncle.
Il sera de retour jeudi.
Merci de bien vouloir excuser son absence.
Cordialement,
```

Chini yake anaweka jina lake. Anayefariki ni "oncle", na "obsèques" ni maziko. Majina ya siku hayaanzi kwa herufi kubwa. Nimeandika Alkhamisi, si Jumatano, kwa sababu skuli yao, kama skuli nyingi za msingi za Ufaransa, haisomeshi Jumatano. Angekuwa binti, "absent" ingeongezwa e mwishoni: "absente". Salamu ndefu za kuulizia hali na watu wa nyumbani ziache. Huko mwalimu hazimkai kama adabu, bali humchelewesha kufika kwenye habari.

Mtoto akiwa anaumwa, chunga neno homa. Sisi tunasema "ana homa" hata kwa mafua na uchovu, lakini "fièvre" ni joto la mwili kupanda, na mwalimu atakuuliza limefika ngapi. Kama hukumpima, andika "Salim est malade", anaumwa, inatosha. Wala usikimbilie daktari kwa ajili ya karatasi: skuli huidai kwa baadhi ya maradhi ya kuambukiza tu, na kwa mengine neno la mzazi linakubaliwa.

Mwezi uliopita Salim alishikwa na tumbo. Mdogo wangu aliandika mwenyewe, mistari minne, akanitumia baada ya kupeleka. Nilisahihisha herufi moja.